Hisa Juu ya Thamani ya Katiba: Vidokezo 6 kwa Wenye Kampuni Nachingwea na Ruangwa

Tuseme wafanyabiashara wachache wa Nachingwea wana kampuni ya kubangua korosho. Walianza na hisa 20,000, kila moja ikiwa na thamani ya shilingi 1,000 kwenye katiba ya kampuni. Msimu baada ya msimu wameongeza mashine na ghala, na leo mali za kampuni ukitoa madeni ni shilingi milioni 90. Sasa wanataka mtambo mpya wa kuchemshia korosho, na kuna jamaa zao wa Ruangwa wenye fedha wanaotaka kuingia. Mfano huu wa kutunga utatufikisha mbali.

1. Usiuze kwa bei ya siku ya kwanza.
Milioni 90 ukizigawa kwa hisa 20,000, kila hisa inasimama kwenye shilingi 4,500. Wenyeji wakiwauzia wa Ruangwa hisa 10,000 kwa ile 1,000 ya katiba, itaingia milioni 10 tu. Kampuni itakuwa na milioni 100 kwa hisa 30,000, na kila hisa itashuka hadi kama 3,333. Wageni watakuwa wamelipa milioni 10 na kupata theluthi ya kampuni, yaani zaidi ya milioni 33. Wakiuziwa kwa 4,500 hakuna anayeumia. Hata kampuni kubwa hufanya hivyo. Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa umma mwaka 2017, bei ilikuwa shilingi 850 huku thamani ya hisa kwenye katiba ikiwa 50.

2. Fedha ikiingia, igawe sehemu mbili papo hapo.
Hisa 10,000 kwa 4,500 ni milioni 45 benki. Milioni 10 kati ya hizo, yaani hisa mara thamani ya katiba, zinakwenda kwenye mtaji wa hisa. Milioni 35 zinazobaki zinakwenda kwenye akaunti yake, ziada ya hisa, ambayo wahasibu wengi huiita premiamu. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kwa kampuni ndogo ni kuzitupia hizi milioni 35 kwenye "mapato mengineyo". Hapo faida inavimba bila korosho hata moja kuuzwa, kampuni inajitengenezea hoja ya kodi mbele ya TRA, na wanahisa wanaanza kudai gawio. Ziada ya hisa si faida na haigawiwi kama gawio. Sheria ya Makampuni ya 2002 imeiwekea matumizi machache, mathalani kulipia hisa za bonasi wanazopewa wanahisa waliopo na kufidia gharama za kutoa hisa.

Kuna njia rahisi ya kukagua hata kama wewe si mhasibu. Chukua mtaji wa hisa ulioandikwa kwenye mizania, ugawe kwa idadi ya hisa zilizolipiwa. Jibu lazima liwe thamani ya katiba kamili. Hapa ni milioni 30 kwa hisa 30,000, yaani 1,000. Ukipata 1,200 au 2,166, kuna ziada imeingizwa kwenye mtaji, na mkaguzi ataiona.

3. Gharama za kutoa hisa zinakatwa kwenye ziada, si kwenye faida.
Wakili aliyeandaa waraka wa toleo na mkataba wa wanunuzi amelipwa shilingi 1,800,000. Mkaguzi aliyetoa ripoti maalumu kwa ajili ya toleo, 1,200,000. Ada za BRELA na stempu, 300,000. Kuchapa, 200,000. Jumla milioni 3.5. Vitabuni inakuwa hivi:

Debiti Benki 45,000,000
Krediti Mtaji wa hisa 10,000,000
Krediti Ziada ya hisa 35,000,000

Debiti Ziada ya hisa 3,500,000
Krediti Benki 3,500,000

Ziada inabaki milioni 31.5. Taarifa ya mapato na matumizi haiguswi kabisa, na ndivyo viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyotaka: gharama ya kupata mtaji inapunguza mtaji. Na usitarajie kuipunguzia kampuni kodi ya mapato kwa gharama hizi, kwa kuwa ni za kimtaji. Kama ziada haitoshi, tuseme hisa ziliuzwa kwa 1,200 tu na ziada ikawa milioni 2, basi milioni 1.5 iliyozidi hukatwa kwenye faida iliyolimbikizwa. Akaunti ya ziada haiachwi ikawa hasi.

4. Si kila risiti ya msimu huo ni gharama ya toleo.
Hapa ndipo penye ujanja mwingi. Swali ni moja: kama hisa mpya zisingetolewa, fedha hii ingetumika? Mshahara wa meneja ungelipwa tu, hata kama alishinda wiki nzima akihangaikia toleo. Ukaguzi wa kawaida wa mwaka ungefanyika. Dizeli ya gari la kampuni kwenda Ruangwa kukusanya korosho na, kwa kupitia, kuwasalimia wanunuzi wa hisa, ni matumizi ya kawaida. Mkurugenzi anayetaka faida ionekane nene atakuletea bahasha nzima ya risiti za namna hii zizikwe kwenye ziada. Mrudishie.

Vilevile mwanahisa wa zamani akiuza hisa zake binafsi, kampuni haipati senti wala ziada. Serikali ilipouza hisa zake za NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila moja, fedha ilikwenda kwa muuzaji, si kwenye mtaji wa benki. Toleo likiwa la mchanganyiko, nusu hisa mpya na nusu za zamani, gharama za pamoja zigawe kwa uwiano unaoeleweka, na upande wa hisa za zamani usiuguse mfuko wa ziada. Gharama zilizolipwa kabla ya toleo zishikilie kwenye mizania hadi hisa zitoke. Toleo likivunjika, zote zinaingia kwenye matumizi ya mwaka.

5. Amueni mapema nani anabeba gharama.
Rudi kwenye hesabu yetu. Kampuni ilikuwa na milioni 90, imeingia 45, imetoka 3.5, imebaki 131.5. Kwa hisa 30,000 ni kama shilingi 4,383 kila moja. Kwa hiyo wenyeji wa Nachingwea nao wamechangia wakili, maana hisa yao imeshuka kutoka 4,500. Wakitaka wageni wabebe wenyewe, wapange bei ya 4,850. Itaingia milioni 48.5, ikitoka 3.5 inabaki 45 safi, na kila hisa inarudi 4,500. Binafsi naona kuchangia si vibaya, kwa kuwa mtambo utawanufaisha wote, lakini lisemwe kikaoni kabla bei haijatangazwa.

6. Angalia ni sheria ipi inakuhusu.
Kampuni binafsi hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake, kwa hiyo hakuna kupita na spika sokoni Ruangwa. Ukitaka umma, ni kampuni ya umma na waraka ulioidhinishwa na CMSA. Hisa za AMCOS ziko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, usizipeleke kwa hesabu hizi. Na ukisoma vitabu vya Walkabout Resources ya Australia, iliyoendeleza mradi wa madini ya kinywe wa Lindi Jumbo kule Ruangwa, usitafute akaunti ya ziada: Australia ilifuta thamani ya katiba ya hisa tangu Julai 1998, hivyo fedha yote ya hisa huingia kwenye mtaji, na gharama za toleo hukatwa humohumo.