Dawa ya Rangi na Figo: Kijitabu cha Kaya za Kibondo na Kasulu

Dawa yenyewe na safari yake mwilini

Mgonjwa wa Kibondo au wa Kasulu aandikiwapo kipimo cha siti skani, aghalabu hupewa barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, na pengine Bugando, Mwanza. Na baadhi ya vipimo hivyo havitimii mpaka mgonjwa adungwe mshipani dawa yenye madini joto, ambayo wahudumu huiita dawa ya rangi au kontrasti, ili mishipa ya damu, uvimbe na majipu ya ndani yadhihirike katika picha. Si kila siti skani huihitaji: kijana aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa, kwa kawaida hupigwa picha bila dawa hiyo, na altrasaundi ya tumbo haina haja nayo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza daktari anayeandika rufaa ni hili: je, kipimo hiki kitahitaji dawa ya rangi?

Dawa hiyo haikai mwilini. Huzunguka na damu, kisha hutolewa na figo kwa njia ya mkojo, na mwenye figo nzima huwa ameitoa takriban yote katika saa 24. Mashaka huzuka pale figo zilipokwisha dhoofika, maana dawa huibana mishipa midogo inayolisha sehemu za ndani za figo, ambazo hata siku za afya hupata hewa safi kwa uchache, na papo hapo huzidi ukali ndani ya vijifereji vya mkojo kadiri maji ya mwili yalivyopungua.

Nani achukue hadhari

Mtu mwenye figo timamu hana sababu ya kuiogopa dawa hii, wala haimpasi kukikataa kipimo kitakachoonyesha maradhi yake. Anayestahili hadhari ni yule ambaye figo zake zimepungua nguvu, na wengi wa hao hawajijui, kwa kuwa figo hudhoofika bila maumivu. Miongoni mwao wamo wenye kisukari au shinikizo la damu la miaka mingi, wazee, wenye moyo uliochoka, na yeyote ambaye hivi karibuni amepatwa na malaria kali, au kuhara na kutapika kulikomkausha maji.

Njia ya kuwatambua ni kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa katika damu. Kutokana na idadi yake, pamoja na umri na jinsia ya mgonjwa, hupatikana nguvu ya uchujaji, ambayo katika karatasi ya majibu huandikwa eGFR. Ikiwa ni 45 au zaidi, na mgonjwa hana jeraha jipya la figo, hatari ya sindano ya mshipani ni ndogo mno. Kati ya 30 na 44 daktari hupima hali nyingine za mgonjwa. Na ikishuka chini ya 30 sharti kinga iandaliwe kabla ya sindano. Kwa mgonjwa anayepitishiwa mpira katika mshipa mkubwa ili mishipa ya moyo ionekane, hadhari huzidi, kwani dawa huweza kuzifikia figo ikiwa bado kali.

Kielelezo: mzee wa Kasulu

Na tuchukue mfano wa mzee wa miaka 68, mwenye uzito wa kilo 60, aliyeugua kisukari miaka mingi na anayemeza metiformini, ambaye ameandikiwa siti skani ya tumbo kwa kushukiwa uvimbe. Kreatinini yake, iliyopimwa kabla ya safari, ni 220 kwa kipimo cha maikromoli katika lita. Kwa umri wake, uchujaji unakuwa 27 hivi. Idadi hii yamfaa daktari kwa mambo matatu.

La kwanza, ataangalia kama altrasaundi, au siti skani isiyo na dawa, itatosha kumpa jawabu. La pili, ikiwa dawa haiepukiki, mzee atatundikiwa maji ya chumvi ya mishipa, kwa mfano mililita 60 kila saa, yaani mililita moja kwa kila kilo ya uzito, kuanzia saa moja kabla ya sindano hadi saa kadhaa baada yake, na dawa ya rangi itatolewa kwa kiasi kidogo kiwezekanacho. La tatu, metiformini itasimamishwa. Dawa hiyo haiharibu figo, lakini figo zikishindwa kuitoa hujilimbika na kuitia damu asidi. Na kwa uchujaji wa 27 yafaa daktari ambadilishie tiba ya kisukari moja kwa moja. Mzee asiiache metiformini kwa shauri lake mwenyewe akakaa bila tiba nyingine.

Yaliyo mikononi mwa nyumba

Abiria wengi huondoka alfajiri bila kunywa kitu, ama kwa kudhani kwamba kufunga kula ni kufunga na maji, ama kwa kuchelea kumsimamisha dereva njiani. Nao hushuka kutoka nyanda za baridi hadi Kigoma penye joto, wakafika mezani pa kipimo midomo imewakauka. Ulizeni mapema kama maji yameruhusiwa, kwani mara nyingi yanayokatazwa ni chakula tu. Na yakiruhusiwa, mgonjwa anywe kidogo kidogo njia nzima. Walakini mwenye miguu iliyovimba, au moyo ulioshindwa, asizidishe maji ila kwa amri ya daktari.

Maumivu ya safari nayo huwapeleka watu dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huibana mishipa ya figo, na zikikutana na dawa ya rangi madhara huongezeka. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa siku hizo. Kadhalika mitishamba ya kusafisha tumbo iachwe, maana humkausha mgonjwa, na mingine yenyewe huziumiza figo.

Baada ya kipimo

Joto linalopita mwilini wakati wa sindano, hata mtu akadhani amejikojolea, ni jambo la kawaida. Kuwashwa, kuvimba uso au kubanwa pumzi ni mzio, tena ni dharura ya papo hapo isiyohusiana na jeraha la figo. Jeraha la figo halina haraka hiyo: huanza kujionyesha baada ya siku moja au mbili, na mara nyingi mgonjwa hukojoa kama kawaida asihisi lolote, hata ikawa damu peke yake ndiyo yenye kusema kweli.

Kwa hiyo mzee wetu, akisharejea Kasulu, apimwe tena kreatinini saa 48 baada ya sindano. Ikiwa imepanda kwa maikromoli 26 au zaidi, yaani kutoka 220 hadi 246 na kuendelea, figo zimejeruhiwa, na sharti afuatiliwe. Aghalabu idadi hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hurudi mahali pake kabla ya siku kumi. Ni wachache wanaohitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mkojo ukipungua mno, miguu ikivimba au pumzi zikiwa fupi, mgonjwa apelekwe hospitali hima pasipo kungoja siku ya kipimo.

Ombi letu kwa kila kaya ni hili: mgonjwa aliye katika kundi la hadhari asipande gari kabla ya kupimwa kreatinini katika hospitali ya wilaya, na karatasi ya majibu, pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia, viwekwe ndani ya bahasha moja na barua ya rufaa.