Riba Sifuri ya Mjomba

Likizo iliyopita mjomba wangu wa Ujiji alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za chuo, akaniambia: "Mpwa wangu, nimepata injini ya boti kwa mkopo usio na riba. Milioni 6, nalipa laki 5 kila mwezi kwa miezi 12. Wewe unasoma hesabu, unasemaje?" Nikajibu haraka kama mtu aliyefaulu mtihani: "Chukua, mjomba. Hela ya bure hiyo!"

Nilikosea. Nilisahau kumuuliza swali moja: ukilipa taslimu, bei ni ngapi?

Nilipofika nyumbani tukaenda wote dukani, na fundi tuliyefuatana naye akauliza bei ya taslimu bila kutaja mkopo. Tukaambiwa 5,400,000. Hapo picha ikabadilika. Kumbe bei halisi ya injini ni 5,400,000, na zile 600,000 zinazoongezeka ni malipo ya kusubiriwa miezi 12. Riba ipo, ila imehamia kwenye bei.

Sasa, ni asilimia ngapi? Wengi tungegawa 600,000 kwa 5,400,000 na kupata 11. Lakini mjomba hakai na deni la 5,400,000 mwaka mzima. Kila mwezi anapunguza, na mwezi wa mwisho anadaiwa kama laki 5 tu. Ukichukua wastani wa deni lake kwa miezi yote 12, ni karibu milioni 3. Kulipa 600,000 kwa kutumia milioni 3 mwaka mmoja ni kama asilimia 20. Ukipiga hesabu kamili kwa kikokotoo unapata karibu asilimia 1.66 kwa mwezi, ambayo inaangukia palepale.

Mjomba alikuwa na akiba ya 6,200,000. Hoja yake ilikuwa kwamba akikopa anabaki na hela zake mkononi. Ni kweli, lakini zingekaa tu kwenye simu. Ili mkopo ule umlipe, akiba hiyo ingepaswa kuzaa karibu asilimia 20 kwa mwaka, huku akiipunguza kila mwezi kulipa rejesho. Haikuwa hivyo. Kwake yeye, taslimu ilikuwa nafuu kwa 600,000 nzima.

Je, asiye na akiba? Jirani yake mwalo wa Kibirizi aliuliza hivyohivyo, maana yeye angelazimika kukopa kwanza ndipo alipe taslimu. Huyu nilimpa swali moja la kwenda kuuliza kokote anakokopa: "Nikichukua 5,400,000 kwa miezi 12, kila mwezi narudisha ngapi, pamoja na ada zote?" Jibu likiwa chini ya 500,000, akope huko akalipe taslimu. Likiwa juu, mkopo wa duka ni bora.

Msiulize asilimia peke yake, wadau, kwa sababu inadanganya. Chukua riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Ikitozwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni kama 479,800, na mwaka mzima anaokoa zaidi ya laki 2 kuliko dukani. Ikitozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, riba inafika 648,000, na rejesho linakuwa 504,000. Asilimia ileile, majibu mawili tofauti, na katika hili la pili duka linashinda kidogo.

Kuna jambo moja ambalo kikokotoo hakilioni. Uvuvi wa dagaa kwa taa unategemea giza, na mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika. Tena mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Rejesho la laki 5 halijui mbalamwezi wala kufungwa kwa ziwa. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, soma kipengele cha kuchelewa: faini ni kiasi gani, na baada ya siku ngapi injini inachukuliwa? Faini moja au mbili zinaweza kugeuza hesabu yote. Upande wa pili, aliyelipa taslimu akabaki mikono mitupu naye yuko hatarini, maana akiugua mtoto atakopa popote, kwa riba yoyote.

Mjomba alilipa taslimu, akabakiwa na 800,000, na tukakubaliana haziguswi mpaka ziwa lifunguliwe tena. Akanitania: "Kumbe ushauri wako wa kwenye simu ulikuwa na bei, mpwa wangu. Laki 6!"

Siku hizi bumu likiingia na nikaona simu au kompyuta "bila riba", naanza na swali lake: taslimu ni ngapi?