Mnunuzi wa Ulaya ameleta mkataba: tumtafute kwanza katika rejista ya serikali yake



Koperative moja ya kahawa ya pembeni ya Ziwa Kivu ilipata mnunuzi aliyejitambulisha kama mjumbe wa kampuni ya Ubelgiji. Alileta mkataba wa kontena moja, ndiyo magunia 320 ya kilo 60. Bei ilikuwa nzuri kuliko ya wengine. Lakini malipo yangekuja siku 60 kisha kahawa kufika Anvers. Maana yake koperative ingetoa mavuno ya msimu muzima na kubaki na karatasi tu mkononi. Komite ilituita, tukaketi pamoja na simu moja yenye enterneti. Somo hili linaonyesha tulivyofanya, hatua kwa hatua.

1. Tuanze na namba, si na jina

Majina ya kampuni yanafanana, na mtu anaweza kuandika jina lolote juu ya karatasi. Namba haifanani. Kila kampuni ya Ubelgiji iko na namba moja ya tarakimu 10, inayoanza na 0 ao 1. Kama mkataba hauna namba hiyo, tusiendelee: tumuombe mnunuzi ailete kwa maandishi.

Namba hiyo tunaweza kuipima hata pasipo enterneti, kwa kalkileta ya simu. Tarakimu mbili za mwisho zinatoka katika nane za kwanza. Tuchukue mfano wa 0123.456.749. Nane za kwanza ni 01234567. Tugawanye 1234567 kwa 97: inaingia mara 12727, inabaki 48. Kisha tutoe 48 katika 97: tunapata 49. Na kweli, namba inaishia na 49. Kama hesabu haikubali, namba imeandikwa vibaya ao imetungwa. Kama inakubali, bado haijaonyesha kwamba kampuni iko. Ni ruhusa tu ya kuendelea.

2. Tuingie kupitia mlango wa serikali

Mnunuzi wetu alikuwa ametuma linki kwa simu, akisema: « Angalieni, kampuni yetu imeandikwa hapa. » Hatukuifungua. Mtu anayetaka kudanganya anaweza kutengeneza ukurasa unaofanana na ule wa serikali. Tena, ukitafuta katika enterneti, mara nyingi inayotokea juu kabisa ni tangazo la wafanyabiashara wanaouza habari hizo kwa pesa, na pengine habari zao ni za zamani.

Rejista ya Ubelgiji inaitwa Banque-Carrefour des Entreprises. Kuitazama ni bure, na unaweza kuchagua lugha ya Kifransa. Tuliandika adresi yake sisi wenyewe, herufi kwa herufi:

```
https://kbopub.economie.fgov.be
```

Namna ya kutambua adresi ya serikali ni hii: kisha https://, tafuta mkwaju (/) wa kwanza, kama hakuna, nenda mpaka mwisho wa adresi. Kutoka hapo soma ukirudi nyuma. Maneno ya mwisho mbele ya mkwaju ndiyo yanayoonyesha mwenye nyumba. Hapa tunaona fgov.be, ndiyo serikali kuu ya Ubelgiji. Kama fgov.be iko katikati, na kisha yake kunafuata kitu kingine sawa .com, hiyo si serikali.

Kanuni hiyo inasaidia kwa inchi zingine pia. Kwa kampuni ya Uingereza tunatafuta adresi inayoishia na gov.uk, rejista yao inaitwa Companies House. Kwa mnunuzi wa Uganda, ni ursb.go.ug. Kwa inchi za Umoja wa Ulaya kuna mlango mmoja wa kutafutia kampuni, e-justice.europa.eu. Uingereza haimo tena, juu ilitoka katika Umoja.

3. Tusome ukurasa polepole

Tuliingiza namba, ukurasa wa kampuni ukafunguka. Tuliangalia mambo matano.

Kwanza, Statut: iliandikwa Actif, ni kusema kampuni haijafungwa.

Pili, Situation juridique: iliandikwa Situation normale. Kama ingekuwa Ouverture de faillite, kampuni imefilisika, na mkataba wa kulipwa kisha siku 60 ni hasara.

Tatu, tarehe ya kuanza. Mtu anayesema ananunua kahawa tangu miaka 15, na kampuni imeandikwa miezi mitatu iliyopita, anapaswa kujieleza.

Ine, kazi ya kampuni. Kama rejista inasema inafanya usafi wa majumba, juu ya nini inataka magunia 320 ya kahawa?

Tano, jina na adresi ya kampuni. Tulizilinganisha na zile za mkataba, herufi kwa herufi.

Yote ilikuwa sawa. Kampuni ilikuwa ya kweli, ya zamani, na ya biashara ya kahawa. Komite ilifurahi, na prezidanti alikuwa ameshika kalamu.

4. Je, huyu mtu ni wa kampuni hiyo?

Hapa ndipo wengi wanaangukia. Rejista inaonyesha kwamba kampuni iko. Haionyeshi kwamba mtu aliye mbele yenu ametumwa nayo. Mdanganyifu mwerevu hatungi kampuni: anaazima jina la kampuni nzuri.

Tuliangalia sehemu ya Fonctions, panapoandikwa majina ya viongozi. Jina la mnunuzi wetu halikuwamo. Hiyo peke yake si kosa, maana mfanyakazi anaweza kununua bila kuwa kiongozi. Lakini basi anapaswa kuleta barua ya mamlaka iliyotiwa saini na mmoja wa viongozi wanaoonekana katika rejista. Hakuwa nayo.

Kisha tuliangalia e-mail. Katika rejista kampuni ilikuwa imeandikisha simu na e-mail. Ile ya mkataba ilifanana nayo, ila herufi moja ilikuwa imeongezwa. Sekretere akapiga namba ya rejista, si ile ya mkataba. Jibu lilikuja palepale: hawamjui mtu huyo, na hawajaandika mkataba wowote. Kahawa ilibaki katika depo.

Kwa kampuni nyingi, sehemu ya simu katika rejista ni tupu. Hapo tutafute namba kwa mtu mwingine anayefanya kazi nao, ao tuandike barua kwa adresi ya rejista. Namba aliyotoa mnunuzi mwenyewe haihakikishi kitu.

Mpaka wa rejista

Rejista haisemi kama kampuni inalipa deni zake vizuri. Kwa Ubelgiji, hesabu za mwaka za kampuni nyingi zinaonekana bure kwa Banki ya Taifa, consult.cbso.nbb.be, muombe kontabule azisome pamoja nanyi. Na hata kampuni nzuri inaweza kuchelewa. Kwa hiyo sharti la malipo katika mkataba linabaki kazi ya komite kujadili.

Zoezi kwa mkutano ujao

Mchukue mkataba mmoja wa zamani wa koperative yenu. Namba ya kampuni iko? Inaishia sawasawa na hesabu ya inchi yake, kama ni ya Ubelgiji? Nani alitia saini, na jina lake linaonekana katika rejista? Muandike majibu pamoja na tarehe mliyotazama, na muyachunge katika faili ya mkataba huo.