Somo: Kuwasilisha matokeo ya dodoso la wateja kwa menejimenti



Wengi wetu tukienda mafunzo ya kazini, hasa tunaosoma biashara, uhasibu au takwimu, hupewa kazi hii mapema: "Wateja wamejaza dodoso, tuandikie ripoti." Mwanafunzi huchora chati moja kwa kila swali, hujaza kurasa 25 na kumpelekea meneja. Meneja husoma ukurasa wa kwanza, akaona wastani ni mzuri, akaifunga. Somo hili linahusu ukurasa huo wa kwanza: nini kiandikwe humo ili uamuzi sahihi utoke.

Tuchukue mfano wa kubuni, nao utatufikisha mwisho wa somo. Kampuni moja ya mabasi ina safari za mchana na za usiku kutoka Kampala. Kwa siku 10, abiria 300 walipewa dodoso walipokuwa wakikaribia kufika. Waliorudisha ni 240: wa mchana 180 na wa usiku 60. Swali kuu lilikuwa: "Umeridhika kiasi gani na safari hii?" Majibu yalikuwa alama 1 hadi 5. Swali la pili liliuliza sababu ya alama hiyo, na la tatu: "Ungependa tuongeze nini?"

1. Usianze na wastani

Wastani wa alama zote ulikuwa 3.9. Waliotoa 4 au 5, ambao tutawaita walioridhika, walikuwa 180 kati ya 240, yaani asilimia 75. Menejimenti ikiona hivyo itasema mambo ni shwari.

Sasa gawa majibu kwa aina ya safari. Mchana walioridhika ni 153 kati ya 180, sawa na asilimia 85. Usiku ni 27 kati ya 60, sawa na asilimia 45. Kwa kuwa abiria wa mchana ni wengi, wamewafunika wa usiku. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, gawa majibu kwa makundi ambayo kampuni inaweza kuyahudumia kwa namna tofauti: safari, tawi, saa ya huduma, mteja mpya na wa zamani. Kugawa kwa umri au jinsia hakusaidii kitu kama hakuna hatua itakayotofautiana.

2. Kinachotajwa zaidi si lazima kiwe tatizo

Katika swali la tatu, watu 96 walitaka intaneti ndani ya basi. Hakuna jambo jingine lililotajwa na wengi kiasi hicho, na meneja alikuwa tayari kutafuta bei ya vifaa. Lakini ukirudi kwenye alama za hao 96, unakuta 80 wameridhika na safari. Intaneti kwao ni matamanio, kuikosa hakukuwaudhi.

Waangalie sasa abiria 33 wa usiku waliotoa alama 1 hadi 3. Katika sababu walizoandika, 21 walilalamikia basi kuchelewa kuondoka, 7 mizigo, na 5 mambo mengine. Hapo ndipo kero ilipo. Ripoti ambayo ingeorodhesha mambo kwa wingi wa kutajwa tu ingeipeleka fedha ya kampuni mahali pasipouma.

3. Pima uzito wa tofauti

Meneja mwerevu atauliza: "Watu 60 tu! Labda ni bahati mbaya?" Uwe na jibu. Kuna hesabu ya haraka: gawa 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliojibu. Kwa 60 unapata karibu 13, kwa 180 unapata karibu 7. Maana yake ni kwamba asilimia 45 ya usiku inaweza kuwa kati ya 32 na 58, na 85 ya mchana kati ya 78 na 92. Masafa hayo mawili hayagusani, kwa hiyo tofauti ni vigumu kuwa ya kubahatisha.

Hata hivyo, hesabu hii inadhani kila aliyejibu alichaguliwa peke yake bila upendeleo. Abiria wetu wa usiku walisafiri kwa mabasi 10, na basi moja likichelewa hukasirisha wote waliomo. Masafa ya kweli ni mapana kuliko hayo. Tena, aliyeachana na kampuni kwa hasira hakuwemo ndani ya basi kujaza dodoso, na aliyejaza huku kondakta amemsimamia huenda aliona haya kusema ukweli. Andika mipaka hii kwa sentensi mbili katika ripoti. Ukiificha na meneja akaigundua mwenyewe, hatakuamini hata pale ulipopatia.

Njia bora ya kuimarisha ushahidi ni kuutafuta nje ya dodoso. Katika mfano wetu, daftari la safari lilionyesha kuwa katika usiku 10, basi lilichelewa kwa zaidi ya dakika 40 mara 7. Wafanyakazi wa stendi walieleza sababu: vifurushi hupokelewa hadi dakika ya mwisho, na basi haliondoki mpaka vyote vipakiwe. Dodoso lilionyesha kinachouma. Daftari na wafanyakazi ndio waliotoa chanzo.

4. Pendekezo liwe la kutekelezeka

"Huduma ya usiku iboreshwe" si pendekezo, kwa sababu kesho asubuhi hakuna anayejua aanze na nini. Pendekezo kamili linataja kitendo, mhusika, muda, gharama na kipimo. Ukurasa wa kwanza wa ripoti yetu ungesomeka hivi:

*"Abiria wa usiku hawajaridhika, na sababu kubwa ni kuchelewa kuondoka. Walioridhika usiku ni 27 kati ya 60. Mchana ni 153 kati ya 180. Daftari la safari linaonyesha ucheleweshaji wa zaidi ya dakika 40 katika usiku 7 kati ya 10, kwa kusubiri vifurushi. Tunapendekeza mkuu wa ofisi ya vifurushi afunge mapokezi saa moja kabla ya basi la usiku kuondoka, kwa majaribio ya siku 30. Gharama ni mapato ya vifurushi vitakavyochelewa kuletwa, na mhasibu ayahesabu kila wiki. Kipimo: basi liondoke ndani ya dakika 15 za ratiba, kisha abiria waulizwe swali lile lile. Ununuzi wa vifaa vya intaneti usubiri matokeo hayo."*

Tazama kwamba sentensi ya kwanza ni jibu lenyewe. Idadi ya watu imetajwa waziwazi, maana asilimia bila idadi hudanganya: "nusu ya wateja" huenda ni wawili kati ya wanne. Gharama imesemwa kabla meneja hajaiuliza. Majedwali yote na nakala ya dodoso viende kwenye viambatisho.

Jambo la mwisho: kabla ya kikao, mwonyeshe mkuu wa vifurushi matokeo hayo faraghani. Akiyasikia mara ya kwanza mbele ya wakubwa atajitetea tu. Ukimtangulia, huenda akakuambia jambo usilolijua, kwa mfano kwamba mteja mkubwa wa vifurushi hufunga duka lake jioni sana, na saa moja ikawa dakika 40.

Zoezi: Katika mfano huo huo, malalamiko 7 ya mizigo yalitoka kwa abiria wa usiku. Je, yanatosha kuwa tokeo kuu la pili? Ni daftari au kumbukumbu gani ungeomba kabla ya kuyaandika?