Mbia Mpya Anapoingia, Fungeni Hesabu Kwanza

Kijitabu cha elimu kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki walioko Guangzhou

Malalamiko ya wabia yanayoletwa kwetu kutoka Xiaobei na Sanyuanli yanafanana. Biashara ilianza na watu wawili, katikati ya mwaka akaingia wa tatu, Desemba ikagawanywa faida ya mwaka mzima kwa uwiano mpya. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Tumelisema hili mara nyingi na tunalirudia: siku mbia mpya anapoingia, hesabu za zamani zifungwe siku hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Asha ameweka mtaji wa yuan 200,000, Juma 100,000. Wamekubaliana kila mtaji upate riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Juma ndiye anayeshinda sokoni na kusimamia upakiaji wa kontena, kwa hiyo analipwa mshahara wa yuan 5,000 kwa mwezi. Faida inayobaki ni nusu kwa nusu. Tarehe 1 Julai anaingia Neema na yuan 120,000. Riba na mshahara wa Juma havibadiliki, ila faida inayobaki sasa inagawanywa mafungu matano: Asha mawili, Juma mawili, Neema moja.

Faida ya mwaka ni yuan 150,000. Kati ya hizo, 50,000 zilipatikana kabla ya Julai na 100,000 baadaye.

Miezi sita ya kwanza haimhusu Neema. Asha anapata riba ya 6,000, Juma riba ya 3,000 na mshahara wa 30,000. Zinabaki 11,000, kila mmoja 5,500. Miezi sita ya pili riba ni 6,000 kwa Asha, 3,000 kwa Juma na 3,600 kwa Neema, ambaye mtaji wake umekaa nusu mwaka tu. Ongeza mshahara wa Juma wa 30,000. Zinabaki 57,400, na fungu la Neema ni 11,480. Kwa mwaka, Asha anapata 40,460, Juma 94,460, Neema 15,080.

Wasiofunga hesabu humpa Neema riba ya mwaka mzima na fungu lake katika faida yote. Anaondoka na 20,160. Hizo 5,080 za ziada zimetoka mifukoni mwa Asha na Juma, kila mmoja 2,540, kwa kazi iliyofanyika kabla Neema hajaingia.

Kufunga hesabu si kuangalia salio la benki na la WeChat tu. Hesabuni mali iliyo ghalani, kontena zilizo baharini, malipo ya awali mliyokwisha kuwapa wenye viwanda na madeni ya wateja wa Kariakoo. Mzigo uliouzwa Juni lakini fedha zake zikaingia Agosti ni faida ya wabia wa zamani. Andikeni orodha, wote watatu watie sahihi.

Jambo jingine linalopuuzwa: mshahara wa mbia na riba ya mtaji ni sehemu ya kugawana faida. Mkiukuta mshahara wa Juma kwenye matumizi, pamoja na kodi ya ghala, na tena kwenye mgawanyo, umehesabiwa mara mbili. Na faida isipotosha, pengo linabebwa na wote. Miezi sita ya pili ingeleta 30,000 tu, riba na mshahara vingedai 42,600. Pengo la 12,600 lingegawanywa kwa mafungu yale yale, na Neema angebaki na 1,080 badala ya riba yake ya 3,600. Asiyetaka hivyo aseme kabla ya kutia sahihi. Wasiotumia riba kwa sababu ya dini waupe mtaji uzito katika uwiano wa faida.

Yote haya yaandikwe. Sheria ya Ubia ya China, iliyoanza kutumika baada ya marekebisho tarehe 1 Juni 2007, inafuata kwanza mkataba wenu. Usiposema kitu na mkashindwa kuelewana, faida hugawanywa kwa mtaji uliolipwa. Mtaji usipojulikana, sawa kwa sawa. Mshahara wa Juma haumo humo. (Wageni wanaruhusiwa kuunda ubia China tangu tarehe 1 Machi 2010, viza na usajili vina masharti yake, ulizeni mapema.)

Kwa anayeingia, onyo ni kali zaidi. Nyumbani tumezoea kwamba mbia mpya hadaiwi madeni ya kabla yake. Guangzhou sivyo. Kifungu cha 44 kinamfanya mbia wa kawaida anayeingia awajibike pamoja na wenzake, bila kikomo, hata kwa madeni yaliyokuwepo kabla yake. Kifungu cha 43 kinawataka wabia wa zamani wamweleze ukweli wa hali ya biashara na fedha. Ndugu mfanyabiashara, dai hesabu hizo kwa maandishi kabla hujatoa hata yuan moja. Wakikataa kukuonyesha, usiingie.