Hisa Zikipita Bei ya Mkataba

Mwekezaji katika soko la Marekani anamiliki hisa 100. Aliuza haki ya kuzinunua kwa dola 50 kila moja, akapokea dola 1.50 kwa hisa. Wiki moja kabla ya mkataba kuisha, bei sokoni imefika dola 56. Asipochukua hatua, hisa zitachukuliwa kwa dola 50.

Akitaka kubaki nazo, anaweza kuhamisha mkataba. Huinunua tena haki ya awali kwa dola 6.20, na papo hapo huuza nyingine ya bei ya dola 55, itakayoisha baada ya miezi miwili, kwa dola 4.70. Tofauti ya dola 1.50 kwa hisa, yaani dola 150 kwa mkataba, humtoka mfukoni.

Kwa gharama hiyo, bei ya juu anayoweza kulipwa hupanda kwa dola 5. Hata hivyo, mkataba mpya ukiisha bei ikiwa chini ya dola 51.50, atakuwa amepata pungufu ya ambacho angepata kwa kuziachia hisa.

Uamuzi usicheleweshwe. Mwenye haki anaweza kuitumia kabla ya tarehe ya mwisho, hasa siku moja kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio.

Kabla ya kuhamisha, mwekezaji ajiulize: je, leo ningetoa dola 51.50 kwa hisa ambayo haiwezi kunilipa zaidi ya dola 55?