Riba Ikipanda, Vipande Vyako Hupungua kwa Shilingi Ngapi?

Mwenye vipande vya mfuko wa hatifungani, kama ule ulioanzishwa na UTT AMIS mwaka 2019, aghalabu hutazama faida aliyopata mwaka uliopita, ilhali swali ninaloliona lina uzito zaidi ni hili: riba ya soko ikipanda kwa asilimia moja, salio langu litapungua kwa shilingi ngapi? Jawabu lake hupatikana kwa kuzidisha mara moja na kugawa kwa mia tu, maadamu mtu anajua azidishe nini.

Asili ya jambo ni kwamba hatifungani hulipa kuponi isiyobadilika. Mwezi Aprili 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilipopunguza kuponi ya hatifungani mpya za miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, zile za zamani zilizidi thamani, kwa kuwa hapakuwa na nyingine mpya ya muda huo iliyolipa kiasi hicho. Riba ikigeuka na kupanda, mambo huwa kinyume: anayeuza karatasi ya asilimia 12.10 hulazimika kupunguza bei ndipo apate mnunuzi.

Kadiri ya kupungua huko hutegemea muda wa wastani ambao fedha zote za hatifungani huchukua kurejea mkononi, kila malipo yakipewa uzito kwa thamani yake ya leo. Kipimo hiki kilitolewa na Frederick Macaulay mwaka 1938. Hatifungani ya miaka 20 yenye kuponi ya 12.10, ikinunuliwa kwa bei yake kamili, ina muda wa wastani wa miaka karibu 8, wala si 20, kwa sababu kuponi kubwa za kila miezi sita hurudisha fedha mapema. Ukiugawa muda huo kwa moja kujumlisha nusu ya riba ya mwaka, yaani 1.0605, wapata karibu 7.5, nayo ndiyo asilimia ambayo bei hushuka riba ikipanda kwa asilimia moja. Kwa mfuko mzima, mwombe meneja wastani wa hatifungani zote alizonazo, kisha umuulize kama namba aliyokupa imekwisha kugawanywa hivyo.

Shemeji yangu, mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, alinijia na taarifa ya salio lake. Na tuseme alikuwa na vipande 80,000, kila kimoja shilingi 125, jumla shilingi 10,000,000, na kipimo cha mfuko, kilichokwisha kugawanywa, kilikuwa 4.8. Nilizidisha 10,000,000 kwa 4.8, nikagawa kwa mia: shilingi 480,000 kwa kila asilimia moja.

“Shemeji, kwa hiyo nikingoja mwaka nitakuwa nimepata hasara?” aliuliza.

La, si lazima. Mfuko unaoingiza kama asilimia 12 kwa mwaka humletea takriban 1,200,000, nazo huziba upungufu huo na kubakiza ziada. Tena, iwapo mapato huwekezwa upya kwa riba iliyopanda, baada ya muda unaokaribia muda wa wastani wa mfuko salio hufika pale ambapo lingefika kama riba isingepanda. Anayechukua gawio kila mwezi hapati fidia hiyo kwa ukamilifu.

Hesabu hii ni sahihi kwa mabadiliko madogo. Riba ikipanda kwa asilimia tatu, ile hatifungani ya 12.10 ingekadiriwa kushuka kwa asilimia 22.4, lakini bei halisi hushuka kwa asilimia 18.8 tu, kwa maana kadiri riba inavyozidi kupanda, ndivyo bei inavyoitikia kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuna jambo moja ambalo mimi huliuliza kabla ya yote, nalo ni namna meneja anavyothamini hatifungani zake. Akizithamini kwa bei ya soko, bei ya kipande itashuka upesi. Akizithamini kwa gharama ya ununuzi inayorekebishwa taratibu hadi siku ya kuiva, bei itaonekana tulivu hata riba ikipanda, na mshtuko utadhihirika pale tu atakapolazimika kuuza ili kuwalipa wengi wanaotoka. Bei ya kipande inayopanda kwa mstari ulionyooka mwaka mzima, ilhali minada ya Benki Kuu imetikisika, ni dalili ya hesabu ya namna hiyo.

Shemeji alihitaji shilingi 4,000,000 za injini ya boti kabla ya mwaka kwisha, muda mfupi mno kuliko muda wa wastani wa mfuko. Hizo alizihamishia Mfuko wa Ukwasi, ambao huwekeza kwa muda mfupi. Zilizobaki, 6,000,000, sasa zimebeba shilingi 288,000 kwa kila asilimia moja, na kila aongezapo vipande huzidisha salio jipya kwa kipimo cha mwezi ule, kwani vyote viwili hubadilika.